"Tiketi Hii Imetumika": Ni Lini Geti Lina Haki ya Kukurudisha Nyumbani?

Umelipa kwa simu, ujumbe wa malipo uko nao, na picha ya msimbo wa QR iko kwenye skrini. Unafika getini, baunsa anaskani, simu yake inageuka nyekundu: "Imetumika." Nyuma yako kuna foleni ndefu na kila mtu anakutazama kama mwizi. Unajitetea vipi?

Mimi naona hilo neno "imetumika" linasemwa kirahisi sana kwenye mageti yetu. Si kwamba napinga sheria ya tiketi moja, mtu mmoja. Naiunga mkono, na hata nitasema iwe kali kuliko ilivyo sasa. Lakini mwandalizi ana haki ya kukurudisha tu kama yeye mwenyewe amefanya mambo matatu kabla hujafika getini: msimbo wake usiweze kubahatishwa, geti lake liangalie na kuandika kwa pigo moja, na uwe na njia halali ya kumpa mtu mwingine tiketi yako. Akikosa moja, basi yule anayerudishwa huenda ndiye aliyelipa. Hebu tuyaangalie moja moja.

Picha haijui kama imetumika

Kwanza tuelewane kuhusu kile kitu chenyewe. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ni njia tu ya kuandika maneno kwa viboksi vyeusi na vyeupe ili kamera isome haraka. Ukiuskani msimbo wa tiketi yako kwa simu ya kawaida, utaona mfululizo wa herufi na nambari, basi. Hakuna kufuli ndani yake, na kuuskani hakuubadilishi hata kidogo. Skrinshoti ni sawa na ya asili. Karatasi iliyochapishwa ni sawa na skrini. Nakala mia moja zote zina nguvu sawa.

Kwa hivyo kinachozuia watu wawili kuingia kwa tiketi moja hakiko kwenye simu yako. Kiko kwenye orodha ya mwandalizi. Kila msimbo una mstari wake kwenye orodha hiyo, na mstari una nafasi moja iliyo wazi: muda wa kuingia. Msimbo ukiskaniwa mara ya kwanza, nafasi ile inajazwa. Mara ya pili geti linakuta imejazwa na linakataa. Hivyo ndivyo "kuingia mara moja" hufanya kazi, na hapo ndipo pia huharibika.

Jambo la kwanza: msimbo usioweza kubahatishwa

Kuna waandalizi ambao huweka ndani ya msimbo nambari ya kufuatana tu: TKT-0411, TKT-0412, TKT-0413. Inapendeza kwenye hesabu, lakini ni mlango wazi. Mwenye 0412 anajua kabisa kwamba 0413 ipo. Programu za bure za kutengeneza QR zimejaa kwenye simu, kwa hivyo ndani ya dakika moja ameshaandika 0413 na kupata picha yake. Akiwahi getini, anaingia. Mwenye 0413 halisi akifika saa moja baadaye, anaambiwa imetumika. Hakumtumia mtu yeyote picha yake, hakuiweka mahali popote, na bado ndiye anayerudishwa.

Wengine hutumia kodi ya muamala wa M-Pesa, zile herufi na nambari 10 zinazoanza ujumbe wa malipo. Hii nayo naipinga. Kodi hiyo haikutengenezwa kuwa siri. Mnunuzi akichangisha marafiki wanne, jambo la kwanza atakalofanya ni kutuma ujumbe wa malipo kwenye grupu ya WhatsApp ili kuonyesha pesa zimelipwa. Kila mtu wa ile grupu sasa ana kodi. Stakabadhi ni ya kuonyesha, tiketi ni ya kuficha, na kitu kimoja hakiwezi kufanya kazi zote mbili.

Kinachofaa ni herufi zilizookotwa ovyo na kompyuta, zisizo na mpangilio wowote. Kama fundi wako anatumia Python, ni mistari miwili:

```
import secrets
print(secrets.token_urlsafe(16))
```

Hapo hutoka mfululizo wa herufi 22. Idadi ya mifululizo inayowezekana ni zaidi ya 3 yenye sifuri 38 nyuma yake, kwa hivyo hakuna mtu atakayekaa nyumbani akibahatisha hadi apate ya mwenzake. Na herufi 22 ni chache. Zinatosha kwenye msimbo wa viboksi 25 kwa 25, ambao hata kamera ya simu ya bei nafuu husoma bila taabu. Jina lako, nambari ya simu na aina ya tiketi zibaki kwenye orodha. Hazina kazi ndani ya picha.

Na tiketi itolewe lini? Itolewe baada ya mfumo wa malipo wenyewe kuiarifu sava ya mwandalizi kwamba pesa zimeingia. Isitolewe kwa sababu mtu ameonyesha ujumbe, maana ujumbe wa kughushi hauna tofauti na wa kweli kwa macho. Tena arifa hiyo inaweza kufika mara mbili kwa malipo yale yale, hasa mtandao ukiyumba. Kwa hivyo orodha ikatae kutoa tiketi tena kwa nambari ya muamala ambayo tayari ilitolewa tiketi.

Jambo la pili: kuangalia na kuandika kwa pigo moja

Sasa twende getini. Tuseme kuna tamasha la watu 600, tiketi shilingi 1,000, mageti mawili, A na B, kila geti lina simu moja ya kuskania. Mnunuzi mmoja ametuma picha ya tiketi yake kwa binamu yake "ashike tu, simu yangu ina chaji kidogo." Binamu naye ameamua kuja. Mmoja yuko A, mwingine yuko B, na ni saa mbili na dakika 41 usiku.

Mfumo ulioandikwa ovyo hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza unauliza: je, tiketi hii imetumika? Ukijibiwa hapana, unafungua geti kisha unaandika kwamba imetumika. Inaonekana sawa. Lakini fuata mpangilio. Geti A linauliza, linajibiwa hapana. Nusu sekunde baadaye, kabla A haijaandika chochote, geti B linauliza, nalo linajibiwa hapana. Kisha A inaandika, B inaandika juu yake. Wote wawili wameingia, na orodha inaonyesha mtu mmoja. Hakuna kengele iliyolia. Mwandalizi atajua tu akihesabu vichwa ndani na kukuta vimezidi tiketi.

Dawa yake ni kuunganisha kuuliza na kuandika kuwa amri moja isiyogawanyika. Geti halisemi "niambie kama imetumika." Linasema "jaza muda wa kuingia, lakini kama tu nafasi bado iko wazi, kisha niambie umejaza mistari mingapi." Kwenye hifadhidata ya kawaida huandikwa hivi:

```
UPDATE tiketi
SET muda_kuingia = NOW(), geti = 'B'
WHERE msimbo = 'x7Qd...' 
  AND muda_kuingia IS NULL;
```

Jibu likiwa mstari 1, mtu aingie. Likiwa 0, asiingie: ama msimbo haupo, ama umeshatumika. Hata mageti yakiskani kwa wakati mmoja, hifadhidata huwapanga foleni, mmoja anapata 1 na mwingine 0. Hawezi kupata 1 wote wawili. Kama unaandaa hafla na umempa kijana kazi ya kutengeneza mfumo, muulize swali hili moja tu: unaangalia kisha unaandika, au unafanya vyote kwa amri moja? Kisha chukua simu mbili, zielekeze kwenye msimbo mmoja, mhesabu moja-mbili-tatu na mbonyeze pamoja. Rudieni mara ishirini. Mkipata kijani mbili hata mara moja, mfumo haujawa tayari.

Mtandao ukipotea

Hapa ndipo wengi huniambia, "Sawa, lakini uwanjani watu wakijaa mtandao unakwama." Kweli. Na kuna njia mbili ambazo mtandao mbovu humwonea mwenye tiketi halali.

Ya kwanza ni jibu kupotea njiani. Simu ya geti imetuma ombi, sava imejaza muda wa kuingia, lakini jibu halijarudi. Baunsa anaona duara linazunguka, anaskani tena, na safari hii anaambiwa imetumika. Ni yeye mwenyewe ameitumia sekunde tano zilizopita! Ndiyo maana neno "imetumika" peke yake halitoshi kwenye skrini ya geti. Liandikwe hivi: IMETUMIKA 20:41:07 GETI A. Kama baunsa yuko geti A na sasa ni 20:41:12, na mtu bado amesimama mbele yake, akili inamwambia kilichotokea. Mfumo mzuri zaidi huipa kila skani nambari yake, simu ikirudia ombi inatuma nambari ile ile, na sava inatambua ni ombi lile lile na kurudisha jibu lile lile.

Ya pili ni kukosa mtandao kabisa. Watu wengine husema weka orodha nzima kwenye kila simu, kila geti lijitegemee. Lakini ukiwa na orodha mbili zisizozungumza, umetengeneza nafasi ya kuingia mara mbili. A haijui B imefanya nini. Wengine husema weka sahihi ya kidijitali ndani ya msimbo. Ni kitu kizuri, na simu inaweza kuihakiki bila mtandao, lakini inathibitisha tu kwamba tiketi ilitolewa na mwandalizi. Haiwezi kukuambia kama nakala yake imeingia dakika kumi zilizopita. Usiuziwe sahihi kama dawa ya kuingia mara mbili.

Kwa hafla ya watu 600, mimi ningefanya hivi: laptopu moja yenye orodha, ruta ndogo ya wai-fai, na simu za mageti yote zimeunganishwa kwa hiyo ruta. Intaneti haihitajiki kabisa, maana mazungumzo yote yako pale pale uwanjani. Ruta na laptopu ziwe na betri ya akiba, stima ikipotea kazi iendelee. Mauzo yafungwe kabla ya mageti kufunguliwa, au tiketi zinazouzwa baadaye ziongezwe kwenye laptopu kwa bando la simu kila baada ya dakika chache. Kama mageti yako mbali mno kwa ruta moja, gawa tiketi: za A ziingie A peke yake, za B ziingie B peke yake, na liandikwe hivyo kwenye tiketi. Kila simu itashika orodha yake, na hakuna tiketi iliyo kwenye orodha mbili. Na kama ni hafla ya watu 150 kanisani, geti moja na simu moja yatosha.

Jambo la tatu: njia halali ya kumpa mwingine

Watu wananunua tiketi kwa niaba ya wengine. Mmoja analipa nne, tatu ni za marafiki. Mwingine anaugua siku ya hafla na kumpa dada yake. Hili ni jambo la kawaida, na mwandalizi anayelisahau anawalazimisha wateja kutumiana skrinshoti, kisha anawaadhibu kwa kutumiana skrinshoti.

Kwa hivyo, kwanza, malipo ya tiketi nne yatoe misimbo minne. Msimbo mmoja wenye maandishi "watu 4" huwalazimisha wote wafike pamoja, na wakifika mmoja mmoja wa kwanza anawafungia wenzake nje. Pili, kuwe na kitufe cha kuhamisha: unaandika nambari ya simu ya mwenzako, msimbo wako wa zamani unakufa hapo hapo kwenye orodha, na yeye anatumiwa mpya. Sasa hata ukibaki na picha ya zamani, ni picha tu. Anayenunua kutoka kwa mtu mwingine naye asikubali skrinshoti, asubiri msimbo mpya ufike kwenye simu yake ndipo alipe.

Sasa nani arudishwe?

Turudi kwa yule mnunuzi na binamu yake. Binamu aliingia saa 20:41 geti A. Mnunuzi yuko geti B na ujumbe wa malipo mkononi. Ni nani mwenye haki?

Wengi watasema aliyelipa aingie, ushahidi uko wazi. Mimi sikubaliani, na najua halitapendeza. Ukiweka sheria kwamba mwenye ujumbe wa malipo huingia hata kama msimbo umetumika, umeuza tiketi mbili kwa bei ya moja. Kila mtu atampa rafiki picha aingie kwanza, kisha yeye afuate na ujumbe wa malipo. Wikendi moja tu na mtaa mzima umejua ujanja huo. Geti haliwezi kujua kama binamu aliiba au alipewa. Linajua kitu kimoja tu: tiketi hii ina kiti kimoja, na kiti kimeshakaliwa.

Kwa hivyo msimbo ukitumika, tiketi imetumika. Lakini ukali huo ni wa haki iwapo tu yale mambo matatu yametimizwa, na mnunuzi aliambiwa wazi wakati wa kulipa kwamba anayewahi ndiye anayeingia. Kama misimbo ilikuwa ya kufuatana, kama tiketi mbili zilitolewa kwa nambari moja, au kama geti ni la kuangalia kisha kuandika, basi mwandalizi hana msingi wa kumrudisha mtu. Kosa huenda ni lake, na mwenye ujumbe wa malipo aingizwe au arudishiwe pesa zake.

Ndiyo maana kila geti linahitaji meza ya malalamiko kando ya foleni, yenye mtu anayeiona orodha: msimbo ulitolewa kwa nambari gani, ulihamishwa au la, umeskaniwa wapi na saa ngapi. Mlalamishi aonyeshwe muda na geti. Mara nyingi akiona "20:41 geti A" atakumbuka alimtumia nani ile picha.

Wewe mwenye tiketi

Ukipata tiketi, usiiweke kwenye stetasi kuonyesha utaenda. Anayeiona anaweza kuiskani kutoka kwenye stetasi yako na kuwa mbele yako getini. Kama lazima ujionyeshe, funika msimbo wote. Ukifunika kona tu haitoshi, maana msimbo wa kiwango cha kati, kile kinachoitwa M, husomeka hata takriban asilimia 15 yake ikiwa imeharibika.

Getini, ongeza mwangaza wa skrini na usiikate ile pambizo nyeupe inayozunguka msimbo. Kamera huihitaji ili ijue msimbo unaanzia wapi. Msimbo ukigoma kusomeka, hilo ni tatizo la kamera au skrini, na baunsa anaweza kuandika herufi zake kwa mkono. Usikubali aliite "imetumika." Na ukiambiwa imetumika kweli, usibishane na baunsa. Uliza maswali mawili tu: saa ngapi, na geti gani? Kama hana majibu hayo, mfumo wake hauwezi kuthibitisha anachokuambia, na una kila sababu ya kudai apelekwe mwandalizi.